Kiti Hakiji Kabla ya Kikao cha Tano

Mzazi aliyeshindwa na mtoto mkaidi akifika kwa mtaalamu huwa na swali moja tu: nimpe adhabu gani huyu? Fimbo ameshatumia, kufoka ameshafoka, kamnyima televisheni, kamtishia kumpeleka kijijini kwa babu. Sasa anataka kitu kipya, kikali zaidi. Mwongozo ambao wataalamu wengi wameufuata tangu miaka ya 1980 unalo jibu la swali hilo, ila unalitoa katika kikao cha tano. Vikao vinne vya mwanzo havina adhabu mpya hata moja. Mzazi mwenye haraka huona anazungushwa, na wengine huacha kuja wiki ya pili. Lakini mpangilio huo ndio dawa yenyewe. Ukiugeuza ukaanza na adhabu, mambo yanaharibika, na yanaharibika kwa namna ambayo mtaalamu anaweza kukutajia mapema.

Mwongozo wenyewe unaitwa Defiant Children. Uliandikwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1987 na la tatu mwaka 2013. Umeandikwa kwa ajili ya mtaalamu: unamwambia aanze kikao kwa kuuliza nini, amweleze mzazi jambo gani, ampe karatasi ipi aende nayo nyumbani, na afanye nini wiki inayofuata akikuta kazi ya nyumbani haikufanyika. Hatua zake ni 10, na unahusu watoto wa miaka 2 hadi 12. Msingi wake ni kazi ya watu wawili wa jimbo la Oregon. Mmoja ni Constance Hanf, aliyefundisha kinamama huko Portland tangu miaka ya 1960 kwamba kwanza utengeneze uhusiano na mtoto, kisha ndipo udai utii. Mwingine ni Gerald Patterson wa mji wa Eugene, ambaye kikundi chake kiliingia ndani ya nyumba za watu, kikakaa na familia jioni, na kuandika kila alichofanya mzazi na kila alichojibu mtoto, hatua kwa hatua.

Kwanza tukubaliane ni mtoto gani tunayemzungumzia, maana kila mtoto hukataa kuoga siku moja moja. Madaktari wa akili wa Marekani, katika kitabu chao cha kuainisha maradhi, wameorodhesha dalili 8 za ukaidi uliopindukia: kupandisha hasira mara kwa mara, kukereka upesi, kununa na kuwa na kinyongo, kubishana na wakubwa, kukataa maagizo waziwazi, kuwachokoza watu makusudi, kuwatwika wengine makosa yake, na kulipiza kisasi. Mtoto awe na 4 kati ya hizo, zidumu miezi 6, na azionyeshe kwa mtu mwingine pia, si kwa ndugu zake wa tumbo moja peke yao. Zaidi ya hapo ziwe zimeleta madhara, nyumbani, shuleni au kwa wenzake.

Nitautembeza mwongozo huu kwa mtoto wa mfano, niliyemuunganisha kutokana na visa vingi vinavyofanana. Ni mvulana wa miaka 7, yuko darasa la pili, anaishi Dar es Salaam. Mama yake ana duka la vitenge. Baba ni dereva wa lori, anakuwepo nyumbani siku chache kwa mwezi. Bibi mzaa baba anaishi nao, na kuna mdogo wake wa kike wa miaka 4. Kabla ya kikao cha kwanza mama amejaza dodoso la hali 16 za nyumbani: wakati wa kula, kuvaa, kuoga, mgeni akija, mama akiwa kwenye simu, kwenda kulala, na kadhalika. Kila hali yenye shida anaipa alama kuanzia 1 hadi 9. Mama wa mfano wetu amekuta shida katika hali 12, na kuoga, kazi za shule na kulala kazipa 8 zote.

Karatasi hiyo inahifadhiwa mpaka mwisho. Mtaalamu makini anaitumia pia kwa jambo jingine, kutafuta kama ukaidi una mlango mmoja. Mtoto anayegoma kwenye kazi za shule peke yake huenda hajui kusoma na anaficha aibu. Anayegoma usiku tu huenda ana hofu. Asiyejibu akiitwa apimwe masikio. Na kama ndani ya nyumba kuna kipigo, cha mama au cha mtoto, hicho ndicho kinachoshughulikiwa kwanza, kwa kuwa hakuna ratiba ya vikao 10 itakayomtuliza mtoto anayeishi kwa woga.

Kikao cha kwanza hakina la kufanya, kina la kuelewa. Mtaalamu anamwomba mama asimulie jioni moja, neno kwa neno, bila kuruka. Inakuwa hivi. Mama anaita kutoka jikoni, "Zima TV ukaoge." Kimya. "Wewe, si nimekwambia ukaoge?" "Nakuja." Dakika zinapita. "Nitakuja huko!" "Katuni haijaisha!" "Ukoga usiku maji ya baridi shauri yako." Kimya. "Nahesabu mpaka tatu." Sasa mtoto analia, anarusha mto, mdogo wake anaanza kulia naye. Kutoka hapo kuna miisho miwili. Siku ambayo mama kachoka dukani anasema, "Haya, utaoga asubuhi." Siku ambayo hakuchoka sana anakwenda na mwiko, anamchapa, mtoto anaoga.

Miisho hii miwili inaonekana kama kinyume, lakini inafundisha somo moja. Ule wa kwanza ni rahisi kuuona: mtoto kapiga kelele, amri imeondoka, kwa hiyo kesho atapiga kelele mapema zaidi. Kumbuka mtoto hahitaji kushinda kila siku. Akishinda siku moja katika nne inatosha kumfanya ajaribu siku zote nne, kwa kuwa hajui leo ni ipi. Mwisho wa pili ndio wenye ujanja. Mama kachapa, kelele zimekoma papo hapo, nyumba imetulia. Nani kazawadiwa? Mama. Utulivu ule ndio zawadi yake, na kesho mkono utanyanyuka upesi zaidi. Mtoto naye amejifunza kwamba amri ya kwanza mpaka ya sita ni maneno ya kupita, na hatari huanza sauti ya mama ikifika kiwango fulani. Kwa hiyo anangoja kiwango hicho. Patterson aliuona mtego huu wa kulazimishana katika nyumba baada ya nyumba: kila mmoja anamfundisha mwenzake kuwa mkali zaidi, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyeanza.

Mtaalamu haishii hapo, maana mzazi akiachiwa mtego peke yake atatoka akijiona ndiye chanzo cha yote. Mwongozo unataja mambo manne yanayokutana: tabia ya kuzaliwa ya mtoto, maana wapo wanaowaka upesi tangu uchanga, hali ya mzazi mwenyewe, afya yake na hasira zake, misukosuko ya familia kama madeni, ugonjwa na ugomvi wa ndoa, na yale matokeo ya kila siku tuliyoyaona. Matatu ya kwanza hayabadiliki kwa wiki 10. La nne linabadilika, ndiyo maana linashikwa hilo. Hata hivyo kazi ya nyumbani ya wiki hii ni mama kuandika misukosuko yake na kuona ipi inaweza kupunguzwa, kwa sababu mtu aliyeelemewa hulegeza amri na kuchapa, vyote viwili, kuliko aliyepumzika.

Kikao cha pili ndicho wazazi wengi hukidharau. Mama anaagizwa atenge dakika 15 hadi 20 kila siku, akae na mtoto kwenye mchezo aliouchagua mtoto. Mdogo wake asiwepo. Simu iwekwe mbali. Ndani ya muda huo mama haruhusiwi kutoa amri wala kuuliza swali wala kufundisha. Anachofanya ni kutazama na kusimulia anachokiona, kama mtangazaji wa mpira redioni: "Gari jekundu limepanda mchanga... linasukuma lile jeusi... oh, limeanguka, dereva anashuka." Mtoto akifanya kitu kizuri, anamwambia waziwazi ni kipi: "Napenda ulivyoyapanga kwa mstari." Akianza ukorofi, mama anageuza uso. Ukizidi, anamwambia muda wa leo umekwisha, anaondoka bila hotuba.

Jaribu mwenyewe dakika 5 uone. Maswali yatakutoka bila wewe kujua: "Hii rangi gani? Na hili umeliweka hapa kwa nini? Sasa linakwenda wapi?" Sisi watu wazima kuongea na mtoto kwetu ni kumuuliza au kumtuma. Mama wa mfano wetu anarudi wiki ya pili akisema, "Nilikaa naye, daktari, lakini alikuwa haniangalii." Ni kawaida. Mtoto aliyezoea kwamba mama akikaribia ana neno la kumtuma au la kumsuta hatamwamini siku ya kwanza. Kosa la pili ni sifa yenye mwiba: "Umetandika vizuri leo, ungekuwa unafanya hivi siku zote tungegombana?" Nusu ya kwanza inatoa, nusu ya pili inapokonya, na mtoto anaisikia ya pili. Mtaalamu humfanyisha mama mazoezi palepale ofisini mpaka sifa itoke na kuishia kwenye nukta.

Wiki ya kwanza muda huu ufanyike kila siku, usikose siku 5. Baadaye mara 3 au 4 kwa wiki, bila kikomo. Haufuti ukaidi, na mtaalamu asiahidi hivyo. Unachofanya ni kuyapa thamani macho ya mama. Mtoto ambaye umakini wa mama anaupata kwa fujo tu hana cha kupoteza ukimwondolea umakini huo kwa dakika chache kitini, na hapo ndipo anayeanza na adhabu anapokwama: anamnyima mtoto kitu ambacho hakuwa nacho.

Kikao cha tatu kinaibeba sifa ile ile mpaka kwenye amri. Mama anafundishwa kwanza namna ya kuagiza. Usiagize usilokusudia kulisimamia. Usiulize kama kwamba unaomba hisani, "Utaenda kuoga, baba?", kwa kuwa swali lina majibu mawili. Agizo liwe moja. TV izimwe kwanza. Mkaribie, mtazame machoni, sema kwa sauti ya kawaida. Kupiga kelele kutoka jikoni kumekwisha. Kisha mara kadhaa kwa siku, wakati mtoto ametulia, mama anatenga dakika 2 au 3 za kumtuma vitu vyepesi mno: nipe hicho kijiko, sogeza kiti, niletee kitambaa. Kila akitii anasifiwa mara moja. Ni mazoezi ya kutii ambayo mtoto hawezi kushindwa. Wiki hiyo hiyo mama anafanya jambo la ajabu kidogo: akiwa anaongea na mteja kwenye simu anamwambia mtoto, "Naongea na mteja, wewe paka rangi, usinikatize," halafu baada ya dakika moja anamkatiza mteja, anageuka na kumsifu mtoto kwa kutomkatiza, anarudi kwenye simu. Siku zinavyokwenda anarefusha. Siri ni kuwahi kabla mtoto hajavuruga. Ukingoja avuruge ndipo umwangalie, umelipa fujo.

Sifa peke yake kwa mtoto wa namna hii haitoshi, na mwongozo unakiri hivyo katika kikao cha nne. Hapa kinakuja kijibenki. Barkley anatumia vidude vya plastiki vya mchezo wa karata kwa watoto wa miaka 4 hadi 8, na alama za kuandikwa kwenye daftari kwa walio na 9 na zaidi. Nyumbani kwa mfano wetu tunatumia visoda, mradi visiokotwe barabarani: mama anavikusanya mwenyewe na kuvifungia, maana mtoto mwerevu ataanzisha mgodi wake. Mama na mtoto wanaandika orodha mbili. Ya kwanza ni kazi na bei zake: kuoga visoda 4, kuvaa sare 2, kazi ya shule 6, kupiga mswaki asubuhi na usiku 2, kutandika 2, kwenda kulala 4, na agizo lolote dogo likitiiwa mara ya kwanza, kimoja. Ya pili ni vitu vya kununua: katuni nusu saa, kucheza mpira nje na wenzake, kuchagua kitafunwa, kukaa kiti cha mbele kwenye gari la mjomba, na vikubwa kama mpira mpya.

Hesabu inahitaji uangalifu, na ndipo mifumo mingi ya nyumbani inapovunjika. Mtoto wetu kwa siku ya kawaida anaweza kupata visoda 24. Bei za starehe za kila siku zipangwe zile theluthi mbili, yaani 16, na theluthi inayobaki, 8, aiweke akiba. Kwa hiyo mpira mpya ukiwekwa visoda 56 ataupata baada ya siku 7 za bidii. Ukiuweka 500 ataacha siku ya tatu. Na starehe zikiwa rahisi mno, atapata kila kitu kufikia saa nne asubuhi na siku iliyobaki hutakuwa na cha kumpa. Kisoda kinatolewa papo hapo, mkononi, pamoja na neno la sifa. Agizo likirudiwa, hakuna kisoda. Na kwa wiki hiyo nzima ya kwanza hakichukuliwi hata kimoja, afanye atakalofanya. Mzazi anayeanza kutoza faini siku ya pili anamwachia mtoto mkoba mtupu, na mwenye mkoba mtupu hana sababu ya kucheza mchezo huo. Wapo wazazi wanaosema hii ni rushwa. Rushwa hutolewa kabla, ili mtu afanye kibaya. Huu ni ujira, na hata baba wa mtoto huyu haendeshi lori bure.

Sasa kiti. Mama amesubiri mwezi mzima. Katika kikao cha tano mtaalamu anachora ramani ya sebule na kuuliza kitawekwa wapi. Pembeni, mama akiwa jikoni akione, mbali na TV, na kisigusane na ukuta ili asiupige mateke. Si chooni, si stoo, si gizani. Wiki ya kwanza kitatumika kwa aina moja au mbili tu za maagizo. Mama kachagua kuoga. Anapewa utaratibu na anaurudia ofisini mpaka aujue kwa moyo. Anakaribia, anasema mara moja, "Zima TV, nenda kaoge." Anahesabu kimoyomoyo 5 kurudi 1, kwa sababu mtoto akisikia hesabu ataitegea. Hajaenda? Kwa sauti thabiti zaidi: "Usipokwenda kuoga, utakaa kwenye kile kiti." Anahesabu tena 5. Hajaenda? Anamshika mkono: "Hukufanya nilivyosema, sasa utakaa kitini," na kumpeleka, hata kama mtoto ameshaanza kukimbilia bafuni. Akiachwa aoge hapo, amejifunza kungoja mpaka mkono wa mama.

Mtoto anatoka kitini yakitimia mambo matatu, yote matatu. Kwanza atumikie muda wake, dakika moja hadi 2 kwa kila mwaka wa umri. Kwa miaka 7 ni kuanzia dakika 7. Pili awe ametulia japo nusu dakika. Mlio wa kulia unaruhusiwa muda wote kabla ya hapo, ila haumtoi. Tatu mama anamfuata na kumuuliza kama yuko tayari kwenda kuoga. Akisema sitaki, muda unaanza upya. Akioga, mama anamwambia tu kwamba amependa alivyofanya alichoambiwa, bila shangwe na bila kisoda, kisha ndani ya saa inayofuata anatafuta jambo zuri la kweli la kumsifu. Akiondoka kitini bila ruhusa, anaonywa mara moja. Akirudia, anatozwa visoda, na sasa ndiyo mara ya kwanza vinachukuliwa.

Siku ya kwanza ni mbaya, na mama aambiwe hivyo kabla. Mtoto ambaye silaha yake imefanya kazi kwa miaka ataipiga kwa nguvu zote inapokwama: atalia, atatukana, atasema ana haja, atasema hakupendi. Huenda ikafika saa moja au zaidi. Mtaalamu mzuri humpa mama namba yake ya simu jioni hiyo. Dalili kwamba njia inafanya kazi ni muda huo kufupika siku baada ya siku. Dalili kwamba kuna kitu kimekosewa ni muda kubaki uleule baada ya wiki, na mara nyingi ukidadisi utakuta mama anaongea na mtoto akiwa kitini. Kila jibu la mama, hata la kugomba, ni muda wa bure naye.

Katika nyumba zetu, lakini, mvunjaji mkuu wa kiti si mama. Ni bibi. Mtoto analia dakika 3, bibi anatoka chumbani: "Njoo kwangu mjukuu wangu, wanakutesa." Kitabu cha Marekani hakimtegemei sana mtu huyu, kwa hiyo mtaalamu lazima amtafutie nafasi. Anaitwa kwenye kikao cha tano yeye mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia mnamfunga mjukuu wangu."

"Hatumfungi, bibi. Anakaa kitini sebuleni, mama yake anamwona. Fimbo imekwisha nyumba hiyo tangu mwezi uliopita. Ila nina ombi."

"Sema."

"Visoda vya kutandika na kupiga mswaki viwe mkononi mwako. Wewe ndiye utakayempa. Akiwa kitini, wewe endelea na shughuli zako, kama hayupo. Akitoka, akishaoga, mpokee."

Mtu ambaye angekuwa mlango wa kutorokea amekuwa mlipaji. Haifaulu kila mara. Bibi akikataa kabisa, ni afadhali kiti kitumike saa ambazo hayupo kuliko kitumike na kuvunjwa, kwa kuwa kiti kinachovunjwa siku moja katika nne kinarudisha ile hesabu ya kikao cha kwanza.

Vikao vitatu vinavyofuata vinatembea haraka. Cha sita kinakipeleka kiti kwenye maagizo mengine na kwenye sheria za nyumba. Kumpiga mdogo wake kunampeleka kitini bila onyo. Kiti kisipite mara chache kwa siku. Kikianza kutumika kwa kila kitu, rudi uangalie kama visoda na ule muda wa mchezo bado vipo. Cha saba ni cha nje ya nyumba: kabla ya kuingia sokoni au ukumbi wa harusi, mama anasimama mlangoni, anamwambia mtoto sheria 2 au 3, anamtaka azirudie, anamtajia atakachopata na atakachokatwa, na anampa cha kufanya kwa mikono yake. Cha nane ni cha shule. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana muda wa kuandika ripoti, kwa hiyo aombwe alama mbili tu za namba, za kukaa kwake na za kumaliza kazi, kwenye kadi ndogo inayogeuzwa visoda nyumbani jioni ile ile. Kadi ikipotea njiani, inahesabiwa kuwa mbaya. Bila sheria hiyo, kadi mbaya zote zitapotea.

Njia hii ina mipaka yake. Inapungua nguvu kadiri mtoto anavyokaribia utineja, kwa kuwa huwezi kumshika mkono kijana wa miaka 13 na huna visoda vinavyomtosha. Watoto wachache wasioguswa sana na huzuni ya mwenzao hunufaika na upande wa zawadi, ila kiti huwabadilisha kidogo. Na mzazi mwenye sonona, au aliye peke yake asiye na shoga wala ndugu wa kumsaidia, huacha njiani zaidi ya wengine. Yeye atibiwe kwanza au sambamba, maana programu nzima inapita mikononi mwake. Mtoto mwenyewe, hilo mtu hulisahau, haingii kwa mtaalamu kabisa katika vikao vingi.

Kikao cha tisa mama ndiye anayefundisha. Mtaalamu anamtungia tatizo, tuseme mtoto ameanza kusema uongo, naye aeleze atafanya nini: aandike kwa wiki moja linatokea lini na nani alikuwepo, apange zawadi kwa kinyume chake, kisha ndipo afikirie kukata visoda. Visoda vyenyewe huachwa pole pole baada ya miezi miwili hivi, agizo moja moja.

Cha kumi kinakuja mwezi mmoja baadaye. Mama anajaza tena lile dodoso la hali 16. Katika mfano wetu hali zenye shida zimebaki 5. Kuoga kumeshuka kutoka 8 hadi 2, lakini kazi za shule, zilizokuwa zimeshuka hadi 3, zimepanda tena zikafika 6 wiki mbili zilizopita. Mtaalamu hagusi kiti. Anauliza muda wa mchezo umefanyika mara ngapi. "Biashara ilikuwa nzuri, daktari, Idi ilikaribia. Mara moja, kama sikosei." Anaandika kwenye karatasi ya kazi ya nyumbani: dakika 20, mara 4 kwa wiki, kabla ya kazi za shule, na apige simu baada ya siku 14.